Ekstra drai si kavu kuliko bruti

Mwezi uliopita mpangaji mmoja wa harusi alinijia hotelini, hapa Paje, akaniagiza mvinyo wa mapovu wa ekstra drai, kwa kuwa bibi harusi hapendi utamu hata kidogo. Ombi hili nimelisikia mara nyingi mno. Ekstra drai, ijapokuwa jina lake linaahidi ukavu wa kupindukia, yaani kukosa utamu, kwa kawaida ina sukari nyingi kuliko mvinyo wa mapovu ulioandikwa bruti.

Kwa kanuni za Ulaya, bruti huwa na chini ya gramu 12 za sukari kwa lita. Ekstra drai ni 12 hadi 17. Seki, ambayo kwa Kifaransa maana yake ni kavu, hufika 32. Na demi-seki hufika 50. Majina haya ni mabaki ya karne ya 19, ambapo shampeni ilikuwa tamu sana na aliyepunguza sukari kidogo tu aliweza kuiita kavu. Walipotokea wanywaji waliotaka ukavu wa kweli, neno hilo lilikuwa limeshatumika, ikabidi litafutwe jingine: bruti, yaani ghafi.

Linaloniudhi zaidi ni imani kwamba jina linataja ladha moja, ilhali linataja mipaka tu. Chupa mbili za bruti, moja ya gramu 4 na nyingine ya 11, zimeachana kwa gramu 7, lakini hiyo ya 11 na ekstra drai ya 13 zimeachana kwa 2 tu. Nakiri kwamba nikifichwa lebo za hizo mbili za mwisho, ninaweza kukosea ipi ni ipi, kwani uchachu wa mvinyo hufunika sukari, na baridi ya barafu hufifisha utamu vilevile.

Nilimuuliza mpangaji jambo moja: glasi zitagongwa saa ngapi? Akajibu kwamba zitagongwa keki ikishakatwa na wageni wakiwa wanaila. Hapo ukavu ni kosa, kwa sababu baada ya sukari ya keki, ulimi huiona bruti kama maji ya ndimu. Nikampendekezea demi-seki, naye akashtuka, akidhani nitawanywesha sharubati. Basi tukapiga hesabu: glasi ya mililita 125 ya demi-seki ina gramu 4 hadi 6 hivi za sukari, yaani kijiko kimoja cha chai au kimoja na nusu, pungufu ya ile anayotia mwenyewe katika kikombe chake cha chai. Kisha nikampa kipande cha keki na glasi mbili ndogo, moja ya bruti na moja ya demi-seki, aonje kila mvinyo baada ya kutafuna.

Tulikubaliana bruti iwapokee wageni ufukweni kabla ya chakula, na demi-seki ingojee keki. Bibi harusi asiyependa utamu alimaliza glasi yake ya pili ya demi-seki, akaniuliza bruti ile nzuri inatoka wapi.