Kununua hisa kwa ngazi: maana yake, na pale inapoumiza

Kununua kwa ngazi ni kugawa fedha zako katika oda kadhaa za kununua, kila moja ikiwa na bei yake ya kikomo, chini ya bei ya leo. Kila bei hiyo ni kidato kimoja cha ngazi. Bei ikishuka hadi kwenye kidato, oda ile inanunua; isipofika, fedha zinabaki kwako. Hutafuti bei moja sahihi. Unatafuta wastani mzuri.

Tuchukue Safaricom katika Soko la Hisa la Nairobi. Agosti 2021 hisa yake ilikaribia shilingi 45, kisha ikaanza kushuka. Tuseme mtu aliweka oda nne za hisa 1,000 kila moja: kwa 36, 32, 28 na 24. Zote zikinunua, ametoa shilingi 120,000 bila ada ya dalali, na wastani wake ni 30.

Hapo wengi hupumua, kwa kuwa 30 ni nafuu kuliko 36. Lakini siku kidato cha mwisho kinaponunua, bei sokoni ni 24, kwa hiyo inahitaji kupanda kwa asilimia 25 ndipo arudishe mtaji tu. Nayo haikusimama 24: mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Kwa bei ya 15, hisa zake 4,000 zingekuwa na thamani ya shilingi 60,000, nusu ya alichotoa.

Angalia jinsi ngazi inavyofanya kazi. Bei ikigusa 36 kisha ikapanda, unabaki na hisa 1,000 tu. Ikiporomoka bila kusimama, unazo zote 4,000. Yaani unamiliki nyingi zaidi pale pale ulipokosea zaidi. Kwangu hiyo ndiyo hatari kubwa ya ngazi, na wastani unaoshuka huificha, ilhali hasara kwa shilingi inazidi kukua.

Oda nayo haisomi habari. Uliiweka ukiamini kampuni iko vile ulivyoijua. Matokeo mabaya yakitoka, inanunua vilevile. Kwa hiyo kabla ya kidato cha kwanza, andika jumla ya fedha utakazoweka na sababu ya kuitaka hisa hiyo. Kampuni ikitangaza matokeo, isome upya ile sababu. Ikiwa imevunjika, futa oda zilizobaki, hata kama bei inaonekana rahisi kuliko jana. Ikiwa bado ipo na kinachoshusha bei ni wawekezaji wa kigeni wanaouza ili watoe fedha zao nchini, unaweza kuziacha.

Safaricom ilivuka tena 25 mwaka 2025. Mumias Sugar, kampuni ya sukari ya Kenya, nayo ilishuka miaka mingi, ikawekwa mwaka 2019 chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kukusanya deni la wadai, na aliyeongeza vidato huko aliongeza fedha ambazo hakuweza kuzitoa tena sokoni.