Jiki haiondoi umanjano wa jasho, inauongeza

Haipiti wiki bila mtu kuniletea shati jeupe lenye makwapa ya manjano, na kabla sijauliza lolote keshaanza kujitetea: "Kaka, nimelitia jiki, nikaongeza nyingine, lakini naona limezidi." Limezidi kwa sababu ya jiki hiyohiyo. Nimelisema hili dukani hadi nimechoka, kwa hiyo leo naliandika.

Jasho likitoka mwilini halina rangi. Kinachobaki kwapani ni protini kidogo, mafuta ya ngozi, na chumvi za alumini kutoka kwenye deodoranti za kuzuia jasho. Vitu hivi hushikana ndani ya nyuzi za pamba, na kadiri shati linavyofuliwa haraka na kupigwa pasi ya moto, ndivyo vinavyokomaa. Jiki kazi yake ni kufuta rangi kwa klorini. Klorini ikikutana na protini haiiondoi yote, bali hushikana nayo na kuzaa kitu kipya ambacho chenyewe kina rangi ya manjano. Ukiongeza jiki, umeongeza manjano.

Na kuna mashati ambayo hata yakiwa safi kabisa, jiki inaweza kuyageuza rangi. Ni yale ya "fua uvae", yasiyokunjamana. Kitambaa chake kimepakwa dawa ya kuzuia mikunjo kiwandani, na baadhi ya dawa hizo hunyonya klorini na kuishikilia. Halafu unakuja na pasi. Joto linaifanya ile klorini iliyojificha itoe asidi, na asidi inakula pamba palepale. Ndiyo maana lebo ya ndani ina pembetatu iliyopigwa alama ya X. Isomeni.

Linaloniudhi zaidi ni ushauri unaosambazwa wa kuchanganya jiki na siki au limau "ili iwe kali". Kwanza ni hatari kwa maisha, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na bafu nyingi tunazofulia hazina hata dirisha la kutosha. Pili, ni kweli inakuwa kali, ila ukali wake unaishia kwenye pamba. Jiki ya chupani imetengenezwa ikiwa na magadi mengi makusudi. Ukiipunguzia magadi kwa asidi, inafika mahali ambapo inakata selulosi, yaani mwili wenyewe wa uzi wa pamba, kwa kasi kubwa kuliko kawaida. Shati linatoka jeupe machoni, mwenyewe anafurahi, kisha siku moja ananyoosha mkono kushika bomba la daladala na kwapa linachanika.

Uharibifu huo unaweza kuupima kabla haujakuaibisha. Shika kitambaa cha kwapani kwa vidole vya mikono miwili, uvute taratibu, kisha fanya hivyohivyo kwenye pindo la chini linalochomekwa ndani ya suruali. Pindo likikaza na kwapa likatoa mlio mdogo wa nyuzi kukatika, hapo hakuna dawa itakayokusaidia. Nyuzi zilizokatwa haziungiki.

Sasa kola. Watu huiweka kundi moja na kwapa, na ndipo wanapokosea. Manjano ya kola ni mafuta ya shingo, tena mafuta yaliyokwisha kukomaa, kama yale yanayoganda ukingoni mwa kikaango. Siki haina la kufanya hapo. Kinachohitajika ni sabuni ya kukata mafuta, na sabuni ya maji ya vyombo inaweza kazi hiyo kuliko ya unga. Ipake kwenye kola kavu, kabla ya maji, uiache robo saa, halafu usugue kwa brashi laini kufuata mstari wa kola. Ukisugua kola juu ya kola kwa nguvu, unachubua ukingo, na ukingo uliochubuka hushika uchafu haraka zaidi wiki inayofuata.

Nieleze kwa shati moja la wakili, pamba tupu, linalovaliwa mahakamani chini ya koti jeusi. Makwapa yalikuwa manjano na magumu, yakikunjwa yanakwaruza. Ugumu huo ndio unaoniambia kuna alumini. Basi nilianza na asidi kwapani tu: siki nyeupe sehemu moja, maji sehemu mbili, nusu saa. Nikasuuza mara mbili hadi harufu ikaisha. Usiache siki wala limau likaukie kwenye nguo juani, kwa sababu maji yakiondoka asidi inayobaki, hasa ya limau, inazidi ukali na inaweza kudhoofisha uzi.

Kola nikaipaka sabuni ya vyombo, kwapa nazo nikazipaka kidogo, nikasuuza. Ndipo ikaja dawa yenyewe ya kung'arisha: sodiamu pakaboneti, ule unga mweupe wa oksijeni unaouzwa kwa ajili ya madoa. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita mbili za maji, na maji yawe ya moto wa kuvumilika mkononi ukiwa umevaa glovu, kati ya nyuzi joto 40 na 60. Kwenye maji baridi unga huu unalala tu. Loweka saa nne, shati lote lizame, beseni liwe la plastiki. Usiufungie mchanganyiko kwenye chupa, kwa sababu unatoa gesi na chupa inaweza kupasuka.

Beseni nimelitaja kwa sababu. Karai lenye kutu, au pini iliyosahaulika kolani, huamsha oksijeni kwa fujo mahali palipo na chuma, na pale hutoboka kitundu kidogo ambacho hukioni hadi nguo ikauke. Kama maji ya kisima chako huacha madoa mekundu ndooni, loweka kwa maji mengine.

Ukikosa pakaboneti, famasi wanauza haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya kusafishia vidonda. Vijiko vitatu vyake na kimoja cha bekingi soda, paka kwapani, funika kwa nailoni isikauke, saa moja inatosha. Ni dhaifu kidogo kuliko kuloweka. Na kama shati lilishatiwa jiki, lisuuze vizuri kabisa kwanza.

Lile la wakili kola ilitakata mara ya kwanza. Makwapa yalibaki na kivuli, nikarudia kuloweka, na kivuli kikaisha. Kati ya raundi hizo mbili sikulipiga pasi, nililianika tu kivulini. Pasi juu ya doa lililobaki hulikomaza, na raundi ya pili inakuwa kazi bure.

Vitabu vya kazi hii hulaumu alumini kana kwamba ndiyo chanzo pekee. Mimi nafua kanzu za wazee ambao deodoranti hawaijui, na makwapa yao ni manjano vilevile, ila laini. Kwa hao hatua ya siki naiona haiongezi kitu, naiacha, naenda moja kwa moja kwenye sabuni na oksijeni. Na kwa manjano ya miaka mingi hata hayo mawili hufika mahali yakagota: linabaki shati la rangi ya krimu, zima, ambalo mwenye nalo lazima aamue kama anataka liwe jeupe au liendelee kuvalika. Nikiombwa "basi tia jiki kidogo tu", namrudishia shati lake.