Dakika moja kabla ya malenga

Je, kwa nini malenga akipandishwa jukwaani baada ya ngoma, beti zake za kwanza humezwa na kelele, hata kama mshereheshaji amemsifia sana?

Sifa zenyewe ni sehemu ya tatizo, lakini tuanze na ngoma. Sindimba ukiikuta katikati unaidaka. Mapigo yanarudiwa, wimbo unarudiwa, na aliyechelewa kwa dakika tano hajapoteza kitu. Shairi halina huruma hiyo. Chukua tarbia, ambayo ndiyo inayoghaniwa zaidi kwenye mikesha yetu ya utamaduni huku kusini. Ubeti una mistari minne, na kila mstari una mizani 16, nane za ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mstari, na nane za utao, nusu ya pili. Ubeti wa kwanza ndio unaompa msikilizaji mada, unaomzoeza vina, na unaomwekea sikioni mstari wa nne utakaokuwa ukirudi hadi mwisho. Aliyeukosa ubeti huo atasikia maneno mazuri yakipita tu, wala hajui aitikie nini.

Sasa mtazame mtu aliyeketi mkekani pale Mikindani, ngoma imetoka kunyamaza sasa hivi. Jasho halijamkauka, anamsimulia jirani yake jinsi yule bibi wa mstari wa mbele alivyocheza, na mtoto anataka maji. Mshereheshaji anashika maiki na kupaza sauti: "Anakuja malenga nguli, asiye na mfano, makofi ya kilo tafadhali!" Mtu yule anapiga makofi, kisha anarudi kwenye soga lake. Hakuambiwa asikilize nini. Ameombwa kelele, ametoa kelele, na kwa upande wake shughuli imekwisha.

Kwa hiyo mwenye maiki ana kazi moja: kuyahamisha masikio kutoka kwenye mapigo hadi kwenye maneno, kabla neno la kwanza la shairi halijatamkwa. Kazi hiyo huanza nyuma ya jukwaa, na huanza na wapiga ngoma.

Hewa ya pwani usiku ina unyevu, na ngozi ya ngoma ikinyonya unyevu hulegea na sauti yake hufifia. Ndiyo maana wapigaji huzikanza ngoma kwenye moto kabla ya kupiga. Ngozi hukazika, lakini baada ya muda hulegea tena, na inabidi ikanzwe upya. Ukimweka malenga katikati ya ngoma mbili, wapigaji wataitumia zamu yake kukanza, na mpigaji hawezi kukanza bila kujaribu. Atagonga mara mbili, atasikiliza, atairudisha motoni, atagonga tena. Kila pigo hilo litaangukia juu ya kina cha malenga. Mwone kiongozi wa kikundi mapema, kwa heshima, umwombe moto usogezwe mbali na watu na majaribio yasubiri mpaka shairi liishe. Mwambie na muda wenyewe. Tarbia ya beti nane, ikighaniwa taratibu, huchukua kama dakika nne hivi, na nimeona wapigaji wakikubali bila ubishi pale tu wanapojua ni muda gani wanaosubiri.

Mtu wa pili ni fundi mitambo. Kwenye ngoma na matangazo, wengi hupenda kuacha mwangwi kwenye maiki ili sauti ijae uwanja. Kwa malenga mwangwi huo ni sumu. Silabi ya mwisho ya ukwapi inakuwa bado inalia wakati utao umeshaanza, vina vinapandana, na aliyeketi nyuma hasikii neno. Mwombe auondoe kabisa, na asipige muziki wowote malenga anapopanda. Muziki wa kupandia humwingiza mtu kwenye mdundo usio wake, na malenga anayeghani hana pa kuyaweka mahadhi yake.

Kisha kaa na malenga mwenyewe. Muulize ataghani au atasoma, shairi lina beti ngapi, na mstari wa nne ni kibwagizo kinachorudi au hubadilika kila ubeti. Muulize pia kama anataka watu waitikie. Wapo wasiotaka, hasa wakiwa na shairi la maombolezo, na ukiwafundisha watu kuitikia hapo utakuwa umelivunja shairi la mwenzako.

Tufanye kwa mfano. Malenga ni mkulima wa korosho kutoka Newala, mzee wa makamo. Shairi lake lina beti nane, na kibwagizo chake ni hiki: "Mkorosho ni amana, tusiuache ukafa." Hesabu mizani utaona nane na nane. Beti tano za kwanza zinasimulia mkorosho uliougua ubwiri unga, ule ugonjwa unaoyafunika maua na majani machanga kwa unga mweupe mpaka maua yanakauka bila kuzaa. Kwenye ubeti wa sita shairi linageuka. Msikilizaji anaanza kuhisi kwamba mkorosho ule ni mzazi aliyezeeka, na waliokula matunda yake sasa wamemtelekeza.

Sikiliza namna mshereheshaji mzuri anavyomtanguliza. Kwanza anasubiri. Ngoma zinatoka, vumbi linatua, naye amesimama kimya na maiki chini. Kimya cha mtu aliyesimama mbele huwashtua watu kuliko kelele zake. Ndipo anaanza, kwa sauti ya chini kuliko ile aliyoitumia kwenye ngoma:

"Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kaka na dada, ngoma imetuchangamsha. Sasa tukae, tuvute pumzi. Anayekuja analima korosho Newala. Mwaka mmoja alikwenda shambani asubuhi akakuta maua ya mkorosho wa marehemu baba yake yote meupe kwa ubwiri unga. Shairi hili alianza kulitunga palepale, chini ya mti. Ni beti nane, na ataghani bila daftari. Kila mwisho wa ubeti atasema, 'Mkorosho ni amana', nasi tutamalizia, 'tusiuache ukafa'. Tujaribu. Mkorosho ni amana... Wa nyuma sijawasikia. Mkorosho ni amana... Hapo sawa. Malenga wetu wa usiku huu, Mzee..." Anataja jina na lakabu, anashuka.

Hiyo ni kama dakika moja tu, na kila kipande kina sababu yake. Salamu imeanzia kwa wazee kwa sababu huku kwetu wazee wakitulia, vijana hutulia wenyewe. Ukianza kwa kuwakemea vijana umeanzisha mabishano. Habari ya mti wa marehemu baba imewapa watu picha moja ya kushika, na ubeti wa kwanza utaikuta picha hiyo ikiwangoja. Idadi ya beti imewaambia hawatakaa hadi alfajiri, na mtu anayejua mwisho uko wapi hukaa kwa raha zaidi. Kibwagizo kimefanyiwa mazoezi mara mbili, maana mara ya kwanza huitika mstari wa mbele peke yake.

Jina limekuja mwisho, na hapo ndipo wengi hukosea. Watu wakisikia jina hupiga makofi, na mwenye jina husimama. Ukilitaja mwanzoni, makofi yatapigwa mapema, malenga atapanda, halafu atasimama pembeni yako akishika kanzu yake huku wewe ukiendelea kusimulia alikosoma na tuzo alizopata. Watu watamtazama yeye wala hawatakusikia wewe, na atakapofungua kinywa lile joto la kumpokea litakuwa limekwisha.

Zaidi ya yote, angalia kisichosemwa. Mshereheshaji alikwishaambiwa siri ya ubeti wa sita, na hakuigusa. Angesema, "Shairi hili linatukumbusha kuwatunza wazazi wetu," watu wangetikisa vichwa kukubali, na shairi lingekufa hapohapo. Fumbo hulipa pale msikilizaji anapolifumbua mwenyewe. Ukitaja ubwiri unga umemweka kwenye shamba la korosho, mahali anapopajua. Kazi ya kumtoa shambani na kumfikisha nyumbani kwa mama yake ni ya malenga. Linaniuma sana hili, kwa sababu fumbo likishatobolewa halizibiki, na malenga analazimika kughani beti nane ambazo kila mtu ameshajua zinakokwenda.

Utajua umefanikiwa kwenye kibwagizo cha kwanza. Kama "tusiuache" inatoka pamoja, mbele na nyuma, wasikilizaji wako tayari. Kama wanaitika wachache na kwa kuchelewa, basi ubeti wa kwanza umepotea. Malenga mzoefu atairudia nusu ya kwanza ya kibwagizo, atangoja, kisha ataughani tena ubeti ule kabla ya kwenda wa pili. Mwache afanye hivyo. Usiparamie maiki ya pili kuwahimiza watu, kwa kuwa sauti yako itawarudisha kwenye sherehe.

Kuna mahali mpango huu hautoshi. Tenzi hazina kibwagizo. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane nane, vitatu vya kwanza vikiwa na kina kimoja na cha nne kikibeba kina kinachokwenda hadi mwisho wa utenzi. Tuseme mtu anaghani sehemu ya utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyekuwa mtu wa Lindi, tena mbele ya watu wa Lindi. Hapo hakuna cha kuitikia, na hakuna haja ya kuwahadithia Matumbi ilivyowaka mwaka 1905, kwani wengi wamelisikia kwa babu zao. Wanachohitaji ni kujua wanaingia wapi: kisa kimefika sehemu gani, nani anasema na nani, na kile kina cha mwisho ni kipi ili sikio likingoje. Sentensi tatu zinatosha. Utenzi ni mrefu, na utangulizi mrefu juu yake huchosha watu kabla hawajaanza.

Swali moja la kumuuliza malenga nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu husahaulika hata na wazoefu: je, shairi lenyewe lina hodi? Malenga wengi hufungua kwa ubeti wa kubisha hodi na kuwasalimu wazee, na hufunga kwa ubeti wa kaditama unaotaja jina lao na wanakotoka. Ukiwa umeshasalimu kwa kirefu, hodi yake itasikika kama marudio. Ukiwa umeshatangaza jina, lakabu, kijiji na ukoo, ubeti wa mwisho hautakuwa na kipya cha kusema. Mwenye shairi la namna hiyo mtangulize kwa salamu fupi, kibwagizo na neno "malenga wetu" basi, jina lake umwachie alitaje mwenyewe kwenye ubeti wa nane.