Fomula moja kwa jedwali zima: dola iwekwe wapi?

Watu wengi wanaotumia lahajedwali huandika jedwali la bei kwa kutunga fomula upya katika kila mstari, au kwa kunakili fomula kisha kurekebisha seli moja baada ya nyingine. Jedwali la kuzidisha la 12 kwa 12 lina seli 144, na zote zinaweza kujazwa na fomula moja iliyoandikwa mara moja. Kinachohitajika ni kujua alama ya dola inakaa wapi. (Dola hii haina uhusiano wowote na fedha, na bei zako zinaweza kuwa za sarafu yoyote.)

Tuanze na hali ilivyo bila dola. Andika namba 1 hadi 12 kushuka chini katika safu A, kuanzia A2 hadi A13. Andika tena 1 hadi 12 kwenda kulia katika mstari wa kwanza, kuanzia B1 hadi M1. Katika B2 weka `=A2*B1`, halafu inakili kwenda kulia. Ungetarajia 1, 2, 3, 4, 5. Utakachokiona ni 1, 2, 6, 24, 120, na ukifika mwisho wa mstari namba imeshapita milioni mia nne.

Programu haijakosea. Haikuielewa `A2` kuwa seli fulani yenye jina hilo, bali kuwa "seli iliyo kushoto kwangu", na `B1` kuwa "seli iliyo juu yangu". Ukiihamishia C2, seli ya kushoto ni B2, yaani jibu lililotangulia, kwa hiyo kila jibu linazidishwa na kichwa kinachofuata. Rejeo la namna hii linasafiri pamoja na fomula. Mara nyingi hilo ndilo tunalolitaka, lakini hapa limetuharibia kazi.

Dola huzuia kusafiri huko, ila inazuia kile tu kinachoifuata. Katika `$A2` herufi imefungwa na namba iko huru. Katika `A$2` ni kinyume chake. `$A$2` imefungwa kotekote. Hayo mawili ya kwanza, yaliyofungwa upande mmoja, ndiyo marejeo mseto.

Kujua kipi cha kufunga hakuhitaji kukariri. Tazama vichwa vyako vimekaa wapi. Vichwa vya pembeni vyote vimo katika safu A, kwa hiyo herufi A isibadilike kamwe, lakini namba ya mstari lazima ishuke pamoja na fomula: `$A2`. Vichwa vya juu vyote vimo katika mstari wa 1, kwa hiyo namba 1 isibadilike, lakini herufi lazima isogee: `B$1`. Fomula ya B2 inakuwa hivi:

```
=$A2*B$1
```

Huna haja ya kuziandika dola kwa mkono. Ukiwa bado unahariri fomula, weka kishale kwenye rejeo na ubonyeze F4. Kila mbonyezo unabadilisha hali: `A2`, `$A$2`, `A$2`, `$A2`, kisha inarudi mwanzo. Kwa kujaza, buruta kile kimraba cha kona ya chini kulia ya seli hadi M2, achia, kisha buruta mstari wote huo hadi 13. Katika Excel huwezi kuburuta kwa mshazari, ni lazima upande mmoja kwanza. Mimi napenda njia nyingine: chagua eneo lote B2 hadi M13, andika fomula, kisha bonyeza Ctrl na Enter kwa pamoja. Eneo lote linajaa papo hapo.

Jedwali la bei ndilo linaloonyesha thamani ya mbinu hii. Tuseme bei ya kipande kimoja iko katika safu B: B5 ni 250, B6 ni 400, B7 ni 1200. Idadi ya vipande iko mstari wa 3: C3 ni 1, D3 ni 10, E3 ni 50. Chini yake, mstari wa 4, kuna punguzo la kila kiwango: 0%, 5% na 12%. Fomula ya C5 ni hii:

```
=$B5*C$3*(1-C$4)
```

Bei imefungwa kwa safu yake, idadi na punguzo kwa mistari yao. Ukiijaza hadi E7, bidhaa ya kwanza inatoa 250, 2375 na 11000. Ya tatu inatoa 1200, 11400 na 52800.

Sasa usahau dola moja tu kwa makusudi, uone kosa linavyojificha. Ukiandika `B5` badala ya `$B5`, C5 inatoa 250, sahihi. D5 inatoa 2375, nayo sahihi, lakini kwa bahati tu: fomula imechukua C5 badala ya B5, na kwa kuwa safu C ni ya kipande kimoja kisicho na punguzo, namba hizo mbili zinalingana. Kosa linajitokeza E5, ambako utaona 104500 badala ya 11000. Anayekagua seli mbili za mwanzo tu ataridhika na kuendelea.

Ukisahau dola ya punguzo, yaani `C4` badala ya `C$4`, mstari wa kwanza wote unakuwa sahihi. Mstari wa pili unachukulia bei zilizo juu yake kuwa ndizo asilimia za punguzo, na D6 inakuwa hasi 9496000 badala ya 3800. Hilo angalau linapiga kelele lenyewe.

Kwa hiyo usikague kona unakoanzia. Nenda kwenye seli ya mwisho, chini kulia, ubonyeze F2. Programu itaonyesha fomula na kuzipaka rangi seli inazozitumia. Katika E7 tunapaswa kusoma `=$B7*E$3*(1-E$4)`, na rangi ziangukie kwenye vichwa vyenyewe. Rangi ikiangukia ndani ya jedwali, kuna dola iliyokosekana au iliyokaa pasipo pake. Katika jedwali la kuzidisha, dalili ya kuangalia ni seli zote kuonyesha 1. Hilo hutokea ukifunga kila kitu, `$A$2*$B$1`, na pia ukigeuza dola zikawa `A$2*$B1`. Kona ya M13 itakwambia ni lipi: la kwanza litasomeka vilevile, la pili litasomeka `L$2*$B12`.

Kama kuna namba moja inayotumika jedwali zima, kwa mfano kiwango cha kodi katika B1, hiyo ndiyo ya kufungwa pande zote:

```
=$B5*C$3*(1-C$4)*(1+$B$1)
```

Dola inafanya kazi fomula inaponakiliwa tu. Ukiingiza mstari mpya juu ya jedwali, `C$3` itageuka `C$4` yenyewe, kwa sababu kichwa kimehama na rejeo linakifuata. Nayo fomula uliyoikata na kuibandika kwingine, tofauti na uliyoinakili, haibadilishi rejeo lolote, liwe na dola au lisiwe nayo. Ndiyo maana kujaribu dola kwa kukata na kubandika hakukuonyeshi chochote.