Kifungu wezeshi: kuitafuta sheria mama nyuma ya kanuni

Waziri hana mamlaka ya kuzaliwa nayo ya kutunga sheria. Nchini Kenya, Ibara ya 94(5) ya Katiba inasema hakuna mtu wala chombo, isipokuwa Bunge, chenye uwezo huo mpaka kipewe na Katiba yenyewe au na sheria iliyopitishwa. Kwa hiyo kila kanuni anayotunga Waziri ina sheria mama, na ndani ya sheria hiyo kuna kifungu kinachotoa ruhusa. Hicho ndicho kifungu wezeshi.

Tuchukue mfano: Kanuni za Usajili wa Wadhibiti na Wachakataji Data za 2021, Tangazo la Kisheria Na. 265. Kanuni ya 13 inawasamehe usajili wa lazima wenye mapato ya mwaka chini ya shilingi milioni 5 na wafanyakazi wasiofika 10. Lakini anayefanya shughuli zilizoorodheshwa katika Jedwali la Tatu hasamehewi. Zahanati ndogo ya mtaani yenye wahudumu sita, kwa mfano, inajisajili, kwa kuwa huduma za afya zimo kwenye jedwali hilo. Nani aliyeruhusu mpaka huo uchorwe hivyo?

Anza na sentensi ya kwanza ya kanuni, ile iliyo juu ya kanuni ya 1. Hapo Waziri anataja kwamba anatumia mamlaka ya kifungu cha 71 cha Sheria ya Ulinzi wa Data, Na. 24 ya 2019. Katika toleo jipya la sheria za Kenya, sheria hiyo inaitwa Sura ya 411C, na ukikutana na namba zote mbili unaweza kudhani ni sheria mbili.

Fungua kifungu cha 71. Kifungu kidogo cha kwanza ni kipana: Waziri anaweza kutunga kanuni za kuitekeleza sheria na kuweka jambo lolote ambalo sheria inataka liwekwe. Cha pili kinataja mambo kadhaa, yakiwemo ada na yaliyomo katika usajili. Cha tatu, ambacho wengi hukiruka, kinaeleza lengo na mipaka ya ukasimishaji huo wa mamlaka, kwa sababu Ibara ya 94(6) inadai sheria mama iyaseme hayo waziwazi.

Wengi huishia hapo na kuandika “kifungu cha 71”. Mimi naona hiyo ni nusu ya kazi. Kifungu hicho kinasema Waziri anaweza kuandika. Hakisemi lolote juu ya milioni 5 wala wafanyakazi 10. Rudi kwenye sheria nzima na utafute neno la Kiingereza `prescribe`, yaani kuweka, maana ndilo linaloacha nafasi za kujazwa baadaye. Litakupeleka kifungu cha 18.

Kifungu cha 18(1) kinakataza mtu kuwa mdhibiti au mchakataji data bila kusajiliwa. Cha 18(2) kinataka viwekwe viwango vya usajili wa lazima kwa kuangalia aina ya sekta, wingi wa data, kama data ni nyeti, na vigezo vingine. Sasa linganisha. Jedwali la Tatu linakaa vizuri chini ya “aina ya sekta”. Mapato na idadi ya wafanyakazi havikutajwa kokote, kwa hiyo vinategemea lile fungu la mwisho la vigezo vingine. Tena soma nani amepewa kazi hiyo: ni Kamishna wa Data, ilhali aliyetia saini kanuni ni Waziri. Mtetezi wa kanuni atajibu kwamba kifungu cha 71(1) kinamruhusu Waziri kuweka lolote ambalo sheria inataka liwekwe. Mpinzani atasema Bunge lilichagua mtu mwingine kwa makusudi. Huu ndio mshono wa kuandikwa kwenye utafiti wako, na usingeuona kama ungeishia kwenye sentensi ya juu.

Hakikisha pia unasoma sheria mama kama ilivyokuwa siku kanuni ilipotungwa, maana kifungu kinaweza kurekebishwa baadaye. Na ukikuta sheria iliyotajwa juu imeshafutwa, usikimbilie kusema kanuni imekufa nayo. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Tafsiri na Masharti ya Jumla, Sura ya 2, huziacha kanuni za zamani ziendelee pale zisipogongana na sheria mpya, hadi zifutwe. Hapo una sheria mama mbili za kusoma: iliyoizaa kanuni na inayoilea.

Mwisho kuna Bunge. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013, kifungu cha 11, inataka nakala ifikishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao tangu kuchapishwa, la sivyo kanuni inakoma kuwa na nguvu. Kifungu wezeshi kinaweza kuwa imara kabisa na kanuni ikaanguka kwa hilo, kwa hiyo kumbukumbu za Bunge nazo ni za kufunguliwa.