Gemu ya altimatam: kwa nini mtu anakataa hela ya bure

Gemu yenyewe ni fupi mno. Kuna watu wawili wasiojuana na hawaonani. Mmoja, tumwite mgawaji, anapewa elfu kumi na anaambiwa amgawie mwenzake kiasi anachotaka yeye. Mwenzake, yaani mpokeaji, ana majibu mawili tu, nakubali au nakataa. Akikubali kila mtu anaondoka na fungu lake, akikataa hela yote inarudi kwa mtafiti na wote wawili wanaondoka mikono mitupu. Hakuna kubembelezana, hakuna raundi ya pili, na hela ni ya kweli siyo ya kuigiza.

Sasa ukimuuliza mwanauchumi wa darasani, anaanza kuhesabu kutoka mwisho. Mpokeaji akiletewa buku moja, chaguo lake ni buku au sifuri, na buku ni kubwa kuliko sifuri, kwa hiyo atakubali. Hata akiletewa mia atakubali. Mgawaji naye analijua hilo, kwa hiyo atatoa kiasi kidogo kabisa na kubaki na karibu yote. Hesabu haina kosa, ila tu binadamu hawachezi hivyo.

Wa kwanza kuijaribu kwa hela ya kweli walikuwa Werner Güth na wenzake wawili kule Ujerumani, matokeo yakachapishwa 1982. Wagawaji wengi walitoa zaidi sana ya kile kiasi kidogo kabisa, na wapo waliotoa nusu kwa nusu. Baadaye imerudiwa mara nyingi mno, hasa kwa wanafunzi wa vyuo, na picha haibadiliki sana: wastani wa ofa uko kwenye asilimia 40 hivi, na ofa ikishuka chini ya asilimia 20 inakataliwa karibu mara moja katika kila mara mbili. Yaani mtu anaona kabisa buku mbili iko mezani, hakuna anayemjua, na anasema bora tukose wote.

Hapa watu wengi wanakimbilia kusema basi binadamu ni wema. Taratibu. Mgawaji anayetoa nne kwenye kumi anaweza kuwa mchoyo tu mwenye akili. Piga hesabu: akitoa buku mbili anabaki na nane, lakini nusu ya muda anakataliwa, kwa hiyo kwa wastani anapata nne. Akitoa nne ni mara chache akataliwe, anaondoka na karibu sita. Ukarimu unalipa! Ndiyo maana watafiti walileta gemu nyingine ambayo mpokeaji hana haki ya kukataa, anachukua anachopewa. Huko ofa zinashuka sana, japo wengi bado hutoa kitu. Kwa hiyo sehemu ya ule ukarimu ilikuwa woga wa kukataliwa, na sehemu haikuwa woga.

Kwa mgawaji basi bado tunaweza kubishana. Mpokeaji ndiye mgumu kumweleza, maana yeye anachoma hela yake mwenyewe. Jibu la haraka ni kwamba hapendi tofauti kubwa kati yake na mwenzake, nane kwa mbili inamuuma, basi. Ila kuna jaribio moja la Armin Falk, Ernst Fehr na Urs Fischbacher, la 2003, ambalo kwangu ndilo linaonyesha kinachoendelea kichwani kuliko mengine yote.

Walichofanya ni kumbana mgawaji. Ana pointi 10 (zinageuzwa hela mwishoni) lakini hachagui chochote anachotaka, anapewa migawo miwili tu achague mmoja. Mmoja ni uleule siku zote: mimi 8, wewe 2. Wa pili ndio unaobadilika, na mpokeaji anauona. Mara ya kwanza wa pili ni 5 kwa 5, kwa hiyo mgawaji angeweza kugawa sawa na hakutaka. Hapo ile 8 kwa 2 ilikataliwa na asilimia 44 hivi ya wapokeaji. Mara nyingine wa pili ni 2 kwa 8, yaani ili asimpunje mwenzake ilibidi ajipunje yeye, hapo waliokataa wakashuka mpaka asilimia 27. Mara nyingine hakuna chaguo kabisa, pande zote ni 8 kwa 2, na waliokataa ni asilimia 18. Na kuna ile ambayo chaguo la pili ni mimi 10 wewe sifuri, ambapo ile 2 inageuka kuwa hisani, wakakataa asilimia 9 tu.

Angalia vizuri, hela ni ileile. Mbili kwa nane kila mara. Kama mpokeaji angekuwa anaangalia mfuko wake tu asingekataa hata mara moja, na kama angekuwa anachukia tofauti ya mafungu tu angekataa sawasawa kote. Kumbe anauliza huyu mtu alikuwa na uwezo wa kufanya nini, na akaamua kunifanyia nini. Japo hata pale ambapo mgawaji hana chaguo wapo wanaokataa, kwa hiyo ile chuki ya tofauti nayo ipo, ila siyo hadithi nzima.

Je, ni mambo ya wanafunzi wa Ulaya? Joseph Henrich na timu yake waliipeleka gemu kwenye jamii ndogo 15, matokeo yakatoka 2001, na huku kwetu walifika kwa Wahadza wa Ziwa Eyasi na Waorma wa Tana River, miongoni mwa wengine. Waorma walitoa kwa wastani asilimia 44. Wahadza wa kambi ndogo walitoa asilimia 27, na bado ofa zilikataliwa zaidi ya robo ya mara. Wahadza wanagawana nyama sana, lakini kule kugawana kunaendeshwa na kuombwa na kunung'unikiwa, na mtu akipata nafasi ya kuficha anaficha, kwa hiyo ukimweka mahali ambapo hakuna anayemwona anatoa kidogo. Wamachiguenga wa Peru nao walitoa kidogo, asilimia 26, ila wao karibu hawakukataa kabisa, waliona ni bahati mbaya tu kuangukia upande wa kupokea. Na kule Papua Guinea Mpya, kwa Waau na Wagnau, watu walikataa hata ofa iliyozidi nusu! Huko zawadi kubwa usiyoiomba ni deni, na aliyekupa atakuja kudai kwa wakati wake.

Kwa hiyo kusema "haki" bila kusema haki ya wapi ni kuongea nusu. Na kusema waliokataa hawana akili nako ni kuchanganya mambo, maana nadharia ya uchaguzi wa kimantiki yenyewe haijasema lazima mtu apende hela peke yake, inataka tu chaguo zake zisipingane. Kilichoanguka ni ile nyongeza ya kwamba kila mtu anajali mfuko wake tu. Ila ukitaka kuiokoa kwa kusema "basi anapenda pia kumkomoa mchoyo", sawa, lakini lazima useme mapema atakomoa lini na kwa bei gani, la sivyo unaeleza kila kitu baada ya kutokea.

Na bei ipo. Kaskazini mashariki ya India watafiti walipandisha dau kutoka rupia 20 hadi 20,000, kwenye vijiji vya watu maskini, matokeo yakachapishwa 2011. Kwenye dau dogo watu walikataa ofa ndogo kama kawaida. Kwenye ile 20,000 wagawaji walitoa sehemu ndogo, na karibu kila mpokeaji alichukua hela yake akaenda zake.