Ziwa lina maambukizi, niko kwenye antibiotiki: mtoto aendelee kunyonya?

Mwanangu ana wiki 5. Juzi ziwa la kushoto lilivimba upande wa kwapani, likawa la moto, na usiku nikatetemeka kwa homa. Zahanati wamenipa kloksasilini. Mama mkwe anasema maziwa yameharibika, nimpe mtoto ya kopo mpaka nimalize dozi. Nimsikilize?

Hapana mama, endelea kunyonyesha, na ziwa hilo linalouma pia. Mara nyingi ugonjwa huu huanza pale maziwa yanapokwama kwenye sehemu moja ya ziwa, halafu bakteria, hasa stafilokoka, wanaingia na kuzaliana, mara nyingine kupitia ufa kwenye chuchu. Ukiacha ghafla, ziwa linajaa zaidi, na hapo ndipo jipu hutokea. Kuhusu bakteria walioko kwenye maziwa, mtoto aliyezaliwa kwa wakati na mwenye afya hadhuriki nao. Amekuwa akikutana nao kwenye ngozi yako tangu siku ya kwanza. Kama mtoto ni njiti au amelazwa, waulize kwanza wanaomhudumia.

Na dawa yenyewe haitaingia kwenye maziwa?

Inaingia, lakini kidogo sana. Kloksasilini ni dawa ambayo watoto wachanga wenyewe huandikiwa wanapougua, kwa dozi kubwa kuliko hicho kinachopita kwenye maziwa yako. Huenda choo chake kikawa chepesi kwa siku chache, au ukaona utando mweupe mdomoni usiofutika. Huo ni fangasi na una dawa yake. Akiharisha damu, akipata vipele mwili mzima au homa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Huna haja ya kupanga saa za kumeza kwa kukwepa saa za kunyonyesha. Kwa kawaida mtu mzima huandikiwa miligramu 500 kila baada ya saa 6, siku 10 hadi 14: tuseme saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku. Imeze tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Homa ikishuka siku ya pili wengi huacha, na wiki moja baadaye uvimbe unarudi palepale.

Jirani yangu alinunua amoksilini dukani, ni nafuu. Si zote ni antibiotiki?

Hapa ndipo wengi hupoteza siku za thamani. Stafilokoka wengi hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja amoksilini kabla haijafanya kazi. Kloksasilini na flukloksasilini zimetengenezwa zisivunjwe nacho. Anayemeza amoksilini peke yake anaweza kumaliza kapsuli zote huku usaha unajikusanya. Kama una mzio wa penisilini, mwambie daktari mapema, kwa sababu kloksasilini nayo ni ya familia hiyo. Kuna nyingine, kama erithromisini, ambazo bado unaweza kunyonyesha ukiwa unazitumia.

Akishika ziwa hilo naumia mpaka machozi, na yeye analiachia na kulia.

Maziwa ya ziwa lenye maambukizi huwa na chumvichumvi kwa siku chache, ndiyo maana wengine huyakataa. Anza na ziwa zima, maziwa yakianza kutiririka umhamishie upande wa pili. Akigoma kabisa, kamua kwa mkono taratibu, kiasi cha kupunguza kujaa tu. Kukamua mpaka tone la mwisho kunaliamuru ziwa litengeneze zaidi. Usilikande kwa nguvu wala kulisugua na kitana, maana nyama ya ndani imeshavimba na unaizidishia. Baada ya kunyonyesha weka kitambaa cha maji baridi kwa dakika 10 hivi. Parasetamo na ibuprofeni zote zinafaa kwa anayenyonyesha. Ibuprofeni meza baada ya chakula, na usiitumie kama una vidonda vya tumbo.

Nitajuaje kama dawa haifanyi kazi?

Hesabu saa 48 tangu kidonge cha kwanza. Kufikia hapo homa iwe imeshuka na maumivu yamepungua. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pima joto kwa mgongo wa kiganja, ukilinganisha ziwa hili na lile. Ukigusa uvimbe wenye maumivu makali unaobonyea kama una maji ndani, hilo huenda ni jipu. Linahitaji ultrasaundi na kunyonywa usaha kwa sindano, au kupasuliwa. Vidonge pekee havitoshi.

Wifi yangu anaishi na VVU na ananyonyesha. Ushauri ni huuhuu?

Kwake kuna tofauti moja kubwa: ziwa likiwa na maambukizi, virusi huongezeka kwenye maziwa ya upande huo. Anyonyeshe ziwa zima tu, akamue lile bovu na kumwaga, aendelee na ARV bila kuruka na mtoto apewe dawa zake za kinga kama alivyoandikiwa. Aende kliniki siku hiyohiyo, na wao ndio watakaomwambia lini arudie pande zote mbili.